Sura ya Sita: Njoo Lingali na Jina

Wanafunzi wengi wanaogonga mlango wangu hawaji kusema kwamba wamelemewa. Wanakuja kuomba barua. Mmoja anataka barua ya kuahirisha mtihani, mwingine anauliza taratibu za kusimamisha masomo kwa mwaka mmoja, mwingine ametumwa na mhadhiri kwa sababu hajaonekana darasani siku nyingi. Ukifungua daftari langu la miadi, kurasa za mwanzo wa muhula ni nyeupe, na kurasa za wiki mbili kabla ya mitihani zimejaa mpaka pembeni. Kati ya kurasa hizo kuna wiki kumi hivi. Ndani ya wiki hizo mzigo ulikuwa ukipangwa taratibu, na mwenye mzigo alikuwa peke yake.

Nitaueleza mzigo huo kupitia binti mmoja wa mwaka wa pili, mwanafunzi wa ualimu katika chuo kimoja mjini Dodoma. Binti huyu si mtu mmoja. Nimemjenga kwa kuwachanganya wanafunzi kadhaa wa miaka tofauti, ili hata mmoja wao asitambulike. Nimempa nyumbani kwao Nambis, katika nyanda za juu za Mbulu mkoani Manyara, kwa kuwa wanafunzi wa Mbulu na Hanang wamenifundisha mengi kuhusu kukaa kimya.

Nambis ni nchi ya baridi, ya mahindi, maharage na vitunguu swaumu. Kwao binti huyu watu huongea Kiiraqw, lugha ya jamii ya Kikushi ambayo haina undugu na Kiswahili wala na lugha nyingine za Kibantu. Alipopanda basi la kwenda Dodoma kupitia Babati na Kondoa, aliacha baridi akaingia kwenye joto kavu, na aliacha lugha yake pia. Darasani anasikiliza Kiingereza, kwenye foleni ya chakula anaongea Kiswahili, lakini uchungu wake uko kwa Kiiraqw. Mtu akimuuliza anaendeleaje, anajibu kwa Kiswahili alichofundishwa shuleni: "Salama." Kiswahili kina adabu hiyo, kwamba salamu hujibiwa kwa heri hata mambo yakiwa mabaya. Kwa mgeni wa lugha, adabu hiyo hugeuka kuwa ukuta.

Kutoka "masomo mawili" hadi "kila kitu"

Wiki ya nne ya muhula wa pili, matokeo ya muhula uliotangulia yalitoka. Binti alikuwa ameanguka masomo mawili, kwa hiyo mwisho wa mwaka alikuwa na sapu mbili za kufanya. Siku hiyo tatizo lake lilikuwa na jina na idadi. Mtu angemuuliza kinachomsumbua, angejibu kwa maneno matatu: "Nina sapu mbili."

Wiki ya tano simu ilitoka nyumbani. Baba ameumia mgongo na hawezi kushika jembe. Bumu ilipoingia, yaani ile fedha ya kujikimu inayotoka Bodi ya Mikopo, binti alituma nusu yake Nambis siku hiyohiyo. Hakuna aliyemwomba. Alikumbuka kwamba nauli yake, godoro lake na sehemu ya ada isiyofikiwa na mkopo vililipwa kwa vitunguu swaumu vya mama yake. Wiki ya sita mwenye nyumba alianza kuulizia kodi ya chumba. Wiki ya saba binti alianza kuamka saa tisa usiku na kubaki macho mpaka alfajiri. Wiki ya nane aliacha kwenda vipindi vya asubuhi, kwa sababu saa hizo ndipo usingizi ulipokuwa ukimjia. Jumbe za kundi la kazi ya darasani zikarundikana kwenye simu bila kufunguliwa. Mwenzake wa chumba alimuuliza kama anaumwa, akasema amechoka tu.

Alipofika kwangu ilikuwa wiki ya kumi na moja. Alitaka barua ya kuahirisha mwaka.

"Shikamoo, madam."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae. Nini kimekuleta?"

"Naomba kuahirisha mwaka."

"Tutaliangalia hilo. Kwanza niambie, kinachokulemea ni nini?"

Aliangalia mikono yake muda mrefu. "Kila kitu," akasema.

Jibu hilo ninalisikia kila muhula, na ndilo lililonifanya niandike sura hii. Wiki ya nne alikuwa na masomo mawili. Wiki ya kumi na moja alikuwa na kila kitu. Masomo yale mawili hayakuongezeka. Kilichobadilika ni kwamba mambo manne yaliyokuwa yamesimama mbalimbali yalikuwa yameungana, na mtu hawezi kushughulikia kitu kinachoitwa "kila kitu". Hakina pa kukishikia.

Usingizi ndio unaotangulia kusema

Mwili huanza kueleza habari hizi kabla mdomo haujafunguka, na mara nyingi huanza na usingizi. Mtu akikabiliwa na tishio, tezi mbili zilizokaa juu ya figo hutoa kemikali zinazoharakisha moyo, zinazoinua sukari kwenye damu na kukaza misuli. Ya haraka ni adrenalini. Inayokuja nyuma yake na kukaa zaidi ni kotisoli. Kwa mtu aliyetulia, kotisoli huwa juu asubuhi ili imwamshe, kisha hushuka polepole mpaka usiku apate kulala. Mpango huo ulifaa sana kwa hatari inayokuja na kupita, kama fisi aliyeingia zizini: unamfukuza, unarudi ndani, mwili unatulia. Sapu na kodi hazifukuziki kwa fimbo. Zinabaki kichwani usiku na mchana, na mwili unakaa tayari kwa vita ambavyo havifiki.

Hapo ndipo kuamka saa tisa usiku kunapoingia. Ubongo hutumia usingizi kuyapanga na kuyakaza yale uliyojifunza mchana. Mwanafunzi anayekesha ili kufidia muda uliopotea husoma kurasa nyingi na kubaki na chache. Anapoona hakumbuki, anajiita mjinga, anakesha tena, na kumbukumbu inazidi kudhoofika. Nimekutana na wanafunzi walioamini kwamba wamefikia kikomo cha akili zao, kumbe walikuwa wamekaa wiki tatu bila kulala usiku mmoja kamili.

Kwa hiyo mtu anapouliza ajuaje kwamba presha ya kawaida ya masomo imevuka mpaka, sianzi kumuuliza juu ya huzuni. Namuuliza juu ya usiku. Kukosa usingizi kabla ya mtihani mmoja ni jambo la kila mtu. Kukosa usingizi siku nyingi zaidi kuliko zile unazolala, kwa wiki mbili mfululizo, ni ishara ya kushughulikiwa. Wiki mbili ni kipimo cha kitaalamu. Dodoso fupi linalotumika katika nchi nyingi kupima sonona, na ambalo limeshatafsiriwa kwa Kiswahili, lina maswali tisa, na yote yanauliza hali ya wiki mbili zilizopita: kukosa hamu ya mambo uliyoyapenda, kujisikia mnyonge, usingizi, uchovu, hamu ya chakula, kujilaumu, kushindwa kutulia kwenye jambo moja, mwendo wa mwili kuwa mzito au kuhangaika kupita kiasi, na mawazo ya kwamba afadhali ufe. Kila swali lina alama kuanzia 0 hadi 3, na jumla inaweza kufika 27. Anayepata 10 au zaidi anahitaji kuchunguzwa kwa karibu. Binti wetu alipata 14. Kama angelijibu wiki ya tano, nadhani asingefika hata 6.

Karatasi moja, mambo manne

Watu wengi hudhani unasihi ni kukaa mbele ya mtu mzima akupe mawaidha. Kama ingekuwa hivyo ningewaelewa wanaokwepa, maana mawaidha wamesikia ya kutosha. Kazi yenyewe ina hatua, na mwenye tatizo ndiye anayefanya sehemu kubwa.

Hatua ya kwanza ni kulitenganisha lile "kila kitu". Nilimpa binti karatasi na kalamu, nikamwomba aandike kila jambo kwenye mstari wake, kwa lugha yoyote. Aliandika kwa Kiiraqw, kisha akanisomea kwa Kiswahili. Mistari ilikuwa minne: sapu mbili, mgongo wa baba, kodi ya miezi miwili, na "mama hajui". Aliposoma mstari wa nne alilia, na nilimwacha alie. Kisha akaitazama karatasi akasema, "Kumbe ni manne." Hakuna hata moja lililokuwa limetatuliwa, ila sasa yalihesabika.

Hatua ya pili ni kuchagua moja. Kosa la kawaida hapa ni kuanza na lililo zito kuliko yote. Tunaanza na lile linalosogezeka, hata kama ni dogo, kwa kuwa mtu aliyelemewa anahitaji kuona kitu kimoja kikienda kwa mkono wake mwenyewe. Mgongo wa baba haukuwa mikononi mwake. Sapu zilikuwa miezi kadhaa mbele. Alichagua kodi, kwa sababu mwenye nyumba ndiye aliyekuwa akigonga mlango kila jioni na kumfanya azime taa mapema ajifanye hayupo.

Hatua ya tatu ni kuorodhesha njia zote zinazowezekana bila kuzihukumu. Alitaja kukopa kwa rafiki, kuhamia kwa mwenzake wagawane kodi, kuomba nafasi hosteli, kumwomba mwenye nyumba apokee kidogo kidogo, na kurudi Nambis. Zote tuliziandika, pamoja na ile ya kurudi. Kisha tukazipima moja moja: hii inahitaji nini, inaharibu nini, inawezekana lini. Alichagua kuongea na mwenye nyumba.

Hatua ya nne ndiyo inayopuuzwa zaidi, nayo ni kuufanya uamuzi uwe tendo lenye siku na saa. "Nitaongea naye" ni nia. "Ijumaa baada ya saa kumi na mbili jioni, nitabisha hodi kwake, nitampa robo ya deni na kumtajia siku ya kulipa iliyobaki" ni mpango. Tulijaribisha maneno hayo ofisini, mimi nikiwa mwenye nyumba. Mara ya kwanza sauti yake haikusikika. Mara ya tatu ilisikika.

Hatua ya tano ni kurudi na kueleza kilichotokea. Alirudi Jumanne. Mwenye nyumba alikataa robo akataka nusu, lakini alikubali kungoja bumu inayofuata, na aliacha kugonga mlango. Mpango haukufaulu wote. Hata hivyo, usiku wa Ijumaa ile alilala mpaka saa kumi na moja alfajiri, kwa mara ya kwanza katika mwezi mzima.

Benchi la Harare

Njia hii sikuibuni mimi, na ushahidi wake mzuri kuliko wote umetoka Afrika. Mwaka 2005 daktari wa akili wa Zimbabwe, Dixon Chibanda, alimpoteza mgonjwa wake kijana, binti aliyejiua. Familia ilikuwa imepanga kumrudisha kwa daktari lakini haikuwa na nauli ya basi. Chibanda amesimulia hadharani jinsi jambo lile lilivyomfanya ajiulize kwa nini msaada umngoje mgonjwa hospitalini badala ya kumfuata anakoishi. Nchi nzima ilikuwa na madaktari wa akili wa kuhesabika kwa vidole, na hospitali haikuwa na fedha za kumpa. Alichopewa ni wanawake watu wazima, wahudumu wa afya wa mtaa katika kitongoji cha Mbare jijini Harare, na nafasi ya nje, chini ya miti. Mradi ulianza mwaka 2006 kwa benchi la mbao.

Bibi wale walifundishwa hatua kama hizi nilizozieleza, na wakazipa majina ya Kishona: kuifungua akili, kuinua, kutia nguvu. Hawakutumia neno sonona, kwa kuwa lilikuwa geni kwa watu wao. Walitumia *kufungisisa*, kuwaza kupita kiasi, ambalo kila mtu Harare analielewa. Nasi kwa Kiswahili tunasema hivyohivyo: "ana mawazo". Hakuna anayehitaji kueleza kwamba si mawazo mema.

Mwaka 2016 matokeo ya utafiti wao yalichapishwa. Watu 573 kutoka kliniki 24 za Harare waligawanywa makundi mawili kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipata huduma ya kawaida iliyoboreshwa, jingine lilikaa kwenye benchi na bibi, vikao visivyozidi 6. Baada ya miezi sita, karibu nusu ya kundi la kwanza bado walikuwa na dalili za sonona. Katika kundi la benchi, walikuwa chini ya 14 kati ya kila 100. Bibi asiye na shahada, akiwa na karatasi, hatua na subira, alifanya kazi ambayo wengi tulidhani ni ya wataalamu peke yao. Mpango huo umeshavuka mipaka ya Zimbabwe na kufika Zanzibar pia.

Ninawatajia wanafunzi habari hizi kwa sababu moja. Wengi huona aibu kwamba tatizo lao ni "dogo", ni kodi tu, ni sapu tu, halistahili kumpotezea mtaalamu muda. Lakini waliokaa kwenye benchi la Harare walileta mambo hayohayo: chakula, ndoa, ajira, kodi. Mazungumzo haya yalitengenezwa kwa ajili ya mambo yenye jina.

Hofu tatu

Kwa nini basi watu wangoje mpaka wiki ya kumi na moja? Nimewauliza wengi, na majibu yanaangukia kwenye hofu tatu.

Ya kwanza ni kuitwa mwendawazimu. Dodoma hofu hii ina anwani, maana Hospitali ya Mirembe iko hapahapa mjini, na jina lake limegeuzwa kuwa tusi la mtaani. Mwanafunzi anaogopa kuonekana akiingia kwa mnasihi kama vile ameingia wodini. Mirembe ni hospitali ya watu wanaoumwa, nao wanastahili heshima kama wagonjwa wengine wote. Lakini mtu mwenye mambo manne kwenye karatasi hahitaji wodi, na hakuna mnasihi anayempeleka mtu wodini kwa sababu amelia.

Ya pili ni siri. Yanayosemwa hapa hayaingii kwenye faili lako la masomo, hayafiki kwa mhadhiri, na hayapelekwi kwa wazazi. Mpaka wa siri upo, na huelezwa mwanzoni kabisa kabla mtu hajafungua mdomo: maisha yako au ya mwingine yakiwa hatarini, mtoto akiwa anaumizwa, au mahakama ikiamuru. Hata hapo, mnasihi anayejua kazi yake humwambia mhusika kwanza kwamba atamshirikisha nani na kwa nini.

Ya tatu ni sheria, na hii husemwa kwa sauti ya chini sana. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 217, inafanya jaribio la kujiua kuwa kosa. Wapo wanaoamini kwamba kusema tu "nimefikiria kufa" kunaweza kuwapeleka polisi. Siyo hivyo. Kifungu kinahusu kujaribu, na kuwaza au kusema si kujaribu. Kwa majirani zetu wa Kenya, Mahakama Kuu ilitamka tarehe 9 Januari 2025 kwamba kifungu chao cha aina hiyo kinapingana na katiba. Naamini chetu pia kinastahili kuondolewa, kwa sababu kinamnyamazisha yuleyule ambaye kusema kungemwokoa.

Mimi huuliza swali hilo waziwazi, na nilimuuliza binti: "Umewahi kuona afadhali usingekuwepo?" Kumuuliza mtu hakumpandikizii wazo. Kunampa ruhusa ya kulitua. Alisema limempitia mara mbili, usiku, lakini hajapanga lolote. Jibu hilo lilitosha kunionyesha tuko wapi. Angesema ana mpango, ana siku na ana kitu cha kutumia, nisingempa karatasi na kalamu. Tungeongozana siku ileile kwenda hospitali, na asingelala peke yake.

Pale mazungumzo yasipotosha

Yapo mambo ambayo maneno peke yake hayatoshi. Anayesikia sauti wasizosikia wengine, anayeamini kwamba anafuatiliwa na watu wasiokuwepo, aliyekaa siku nyingi halali wala hachoki huku akiongea mfululizo, au ambaye alama za dodoso lake zimepanda baada ya vikao vitatu badala ya kushuka, huyo anahitaji daktari na huenda dawa. Dawa za sonona huanza kuleta nafuu baada ya wiki kadhaa za kumeza kila siku. Wengi huziacha siku ya tano wakisema hazifanyi kazi. Na huduma haziko mjini tu. Mwanafunzi wa Mbulu anayekwenda likizo ana Hospitali ya Haydom, ambayo inahudumia pia magonjwa ya akili. Kabla ya kufunga chuo, mwenye kutumia dawa aondoke nazo za kutosha likizo nzima, pamoja na barua ya rufaa.

Likizo ina hatari yake nyingine, nayo ni kurudi kwa watu ambao hukuwaambia. Hapo tunarudi kwenye mstari wa nne wa karatasi: "mama hajui".

Wairaqw wana desturi ya zamani iitwayo *metimani*, ambayo wanaanthropolojia walioishi Mbulu wameiandika sana. Mtu au kaya iliyofikwa na msiba wa aina fulani, kama kifo, ilijitenga na majirani kwa muda, ili balaa lisiwafikie wengine. Vijana wengi siku hizi hawaifuati. Binti ndiye aliyenitajia. Alisema, "Mimi ni kama nimejiweka metimani." Nilimuuliza zamani ilikuwa ikiishaje. Akasema ilikuwa na muda wake, ukifika mtu anatolewa, anarudi kwa watu. Kisha akanyamaza, akasema, "Ya kwangu haina siku."

Aliielewa hali yake kuliko nilivyoielewa mimi. Kujitenga kwa wazee kulikuwa na mwisho, na majirani wote walijua nani ametengwa na kwa nini. Kujitenga kwa mwanafunzi chumbani hakujulikani na mtu, na hakuna mzee anayekuja kukufungulia.

Kikao cha nne tulikitumia kupanga simu moja. Alichagua Jumapili mchana, mama akiwa ametoka kanisani. Alimweleza yote kwa Kiiraqw: sapu, kodi, fedha aliyotuma. Aliniambia mama hakumfokea. Alimwambia, "Kumbe ndiyo maana sauti yako imekuwa ndogo." Mama alikuwa amejua tangu wiki ya saba kwamba kuna jambo, naye akaogopa kuuliza.

Hakuahirisha mwaka. Kwenye sapu alipita somo moja, jingine alilirudia mwaka uliofuata. Mgongo wa baba haujapona kabisa. Dodoso alilojaza wiki ya mwisho ya muhula lilikuwa na alama 6. Kazi yote ilichukua vikao vitano, ambavyo ni chini ya saa tano. Vingekuwa viwili tu kama angekuja wiki ya nne.

Kwa hiyo nakuomba wewe unayesoma, uwe umetoka Nambis, Katesh au kwingineko. Chukua karatasi leo usiku uandike yanayokukosesha usingizi, kila moja kwenye mstari wake, kwa lugha ya nyumbani kwenu. Kama yanahesabika, ni wakati mzuri wa kuja. Kama kalamu imeandika "kila kitu", njoo kesho asubuhi, na huhitaji kuwa na sababu ya barua.